Hotuba ya kuzindua huduma ya kuchati, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Mama muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba akiiuliza huduma yetu ya kuchati nauli ya magunia kwenda Ukerewe, hatujui ameshika kitochi au simu janja. Mfumo wetu hauoni simu yake, wala hauipelelezi. Unasoma alivyoandika, basi. Ameandika mstari mmoja? Anajibiwa mstari mmoja, bei ikitangulia. Majedwali na alama za nyota za kukoleza maandishi tumeviacha, maana kwenye kitochi nyota hubaki nyota na namba zinaparaganyika. SMS moja ni herufi 160. Jibu la kwanza lazima lienee humo. Akitaka orodha ndefu, huulizwa kwanza kama atumiwe yote au kidogo kidogo. Swali hilo nimelipigania sana.

Karibuni mjaribu, meza ile pale dirishani.