Hotuba ya Mkuu wa Shule kwa Wazazi: Picha Iliyochorwa na Kompyuta Si Picha ya Kamera

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, walimu wenzangu, ndugu wazazi na walezi, habari za asubuhi. Poleni na safari.

Suala la ada na chakula tutalifikia. Naanza na ile picha ya bweni la wasichana likiwaka moto, iliyozunguka kwenye kundi la wazazi Jumanne usiku. Wapo mama zetu waliopanda bodaboda usiku uleule wakafika getini wakilia. Bweni halikuungua, mmelipita mkiingia hapa. Letu halina ghorofa, la kwenye picha linayo, na maandishi ya ukutani hayasomeki kwa lugha yoyote. Picha ile ilichorwa na kompyuta.

Wazazi wangu, tuelewane. Picha ya kamera huletwa na mwanga uliotoka kwenye kitu, ukapita kwenye lenzi, ukaacha alama. Ni kama unyayo kwenye tope: lazima mguu uwe umepita. Programu ya akili mnemba haihitaji kitu chochote mbele yake. Imefunzwa kwa mamilioni ya picha, na mtu akiiandikia "bweni la shule linawaka moto usiku", inakadiria bweni la namna hiyo lingeonekanaje, kisha inalichora. Shule yetu haiijui. Hakuna moto ulioonwa na yeyote.

Kudanganyika si ujinga. Machi 2023 watu duniani kote waliamini picha ya Papa Fransisko akiwa na koti kubwa jeupe la baridi, koti ambalo hakulivaa. Mwaka huohuo Mjerumani Boris Eldagsen alitangazwa mshindi wa kipengele kimoja cha mashindano ya picha ya Sony, akaikataa tuzo, akisema kazi yake imetokana na akili mnemba na haifai kushindana na picha za kamera. Na msitegemee kuhesabu vidole vya mtu pichani ili kuitambua picha ya kompyuta, eti kwa kuwa zamani vilizidi au kupungua. Siku hizi vinatoka vitano sawasawa.

Kinachoninyima usingizi ni watoto wetu. Sura ya binti, iliyochukuliwa kwenye picha ya mahafali, inaweza kubandikwa kwenye mwili usio wake. Mzazi ukiletewa picha ya aina hiyo, nakuomba sana, usimpige mtoto. Mkalishe, umsikilize. Akisema "siyo mimi", huenda anasema kweli kabisa. Shule hii haitamsimamisha mwanafunzi kwa sababu ya picha peke yake. Tutauliza nani alikuwepo, wapi, saa ngapi, na nani aliituma kwanza. Huyo wa kwanza ndiye tutakayeanza naye, na akumbuke kwamba ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ukipokea picha ya kutisha kuhusu shule, mpigie matroni au nipigie mimi kabla hujaituma kwa mwingine. Namba zetu ziko kwenye ubao wa matangazo, na simu ya matroni haizimwi usiku. Baada ya kikao, mwalimu wa kompyuta atakuwa maktaba kuwaonyesha jinsi picha hizi zinavyotengenezwa.

Mhasibu, karibu utusomee taarifa ya ada.