Barua ya mwalimu ya kuacha kazi: rasimu ya usiku na ile iliyonyooshwa

Rasimu ya kwanza, Jumamosi usiku

Mkuu wa Shule,

YAH: KUACHA KAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi Zuhura, mwalimu wa Kemia na Baiolojia, nakuandikia kwa masikitiko makubwa, maana sikutegemea kama siku moja ningefika hapa. Nimefundisha shuleni kwako tangu Januari 2020 na Mungu ni shahidi, sijawahi kuingia darasani bila andalio la somo.

Mwalimu wa Fizikia alipoondoka Agosti mwaka jana niliambiwa nimshikie madarasa yake "wiki mbili tu". Wiki mbili hizo zikala muhula mzima, nikawa na vipindi 32 kwa wiki, na hakuna aliyesema hata ahsante. Mshahara wa Machi umeingia tarehe 19 Aprili, mwenye nyumba ameshagonga mlango mara tatu. Biureti mbili nilinunua kwa pesa yangu Kariakoo, risiti nikampelekea mhasibu, na mpaka leo imelala kwenye droo yake.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni kikao cha wazazi cha Februari. Ulisimama mbele ya wazazi ukasema Kemia ndiyo iliyoishusha shule. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na ndoo ya maji ya kunywa, wazazi wakageuka kunitazama mmoja mmoja, nami nikatazama sakafu. Bomba la maabara halikutoa maji tangu Juni mpaka watoto wanaingia kwenye mtihani wa vitendo. Maji tulibeba kwa madumu, mimi na wanafunzi wangu. Hilo mbona hukuwaambia wazazi?

Sasa mama yangu yuko Tanga, amepata kiharusi, mguu wa kulia haumtii, na mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Pengine hata bila hayo ya juu ningeondoka. Ila nataka ijulikane kwamba walimu hawaondoki bure, na atakayekuja baada yangu naye ataondoka. Lini naondoka nitawajulisha. Samahani kama kuna mahali nimekosea, ingawa sidhani.

Zuhura

Jibu la shangazi, mwalimu mstaafu

Zuhura mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani, na kila ulichoandika nakiamini. Ila barua ya kuacha kazi inaingia kwenye jalada, na jalada linaishi kuliko hasira. Siku utakayoomba kazi kwingine mtu atapiga simu hapo, karani atafungua, na atakachokikuta ni biureti na droo.

Ya mshahara na ya kikao kamwambie mwenyewe kwa mdomo, mchana, ukiwa umekula. Risiti idai kwa mhasibu kwa karatasi yake peke yake. Na wewe umeandika yote hayo, tarehe ya kuondoka hukuweka! Ndiyo ya kwanza anayoitafuta mwajiri.

Sababu nimebakiza moja, ya mama, kwa kuwa ni ya kweli na haina wa kubishana nayo. Shukrani sikukutungia, ni zile ulizonisimulia mwenyewe kwenye simu miaka hiyo. Mtu aliyekuelekeza faraghani ulipoanza kazi ndiye huyohuyo aliyekutaja hadharani mwaka huu. Akiufikia mstari ule ataelewa, wala huna haja ya kumkumbusha. "Chahusika" nimekuachia, mkuu wako ni mtu wa zamani, asipokiona ataona barua ina kilema.

Toa nakala mbili, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa, ukae nayo.

Barua iliyonyooshwa

Mwl. Zuhura Hamisi,
Idara ya Sayansi,
Morogoro.

4 Mei 2026

Mkuu wa Shule,
Kwa mkono.

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI KUANZIA TAREHE 5 JUNI 2026

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Naandika kukutaarifu kwamba nitaacha kazi ya kufundisha Kemia na Baiolojia katika shule yako. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Ijumaa, tarehe 5 Juni 2026. Taarifa hii inazidi notisi ya siku 28 inayotakiwa na mkataba wangu na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Sababu ni ya kifamilia. Mama yangu, aliyeko Tanga, anaugua na anahitaji mtu wa kuwa naye kila siku. Ninahamia huko kumuuguza.

Nakushukuru kwa miaka hii sita. Mwaka 2020 ulinipokea nikiwa nimetoka chuoni, azimio la kazi hata sijui kulipanga vizuri. Ulikaa nyuma ya darasa langu vipindi vitatu, kisha ukaniita ofisini ukanielekeza tukiwa wawili tu. Ninavyofundisha leo nilianza kujifunza siku ile. Sitawasahau pia walimu wenzangu waliopanda Kosta mpaka Tanga kumzika baba yangu mwaka 2023, wakarudi usiku uleule ili asubuhi wawahi vipindi.

Kabla ya kuondoka nitamaliza mada zilizopangwa kwa muhula huu, nitasahihisha mitihani ya Juni na kujaza alama. Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa Novemba, hivyo nimeandika ni majaribio gani ya vitendo wameshafanya na yapi yamebaki, na wanafunzi wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu kwenye titresheni. Karatasi hiyo, azimio la kazi, shajara ya somo, daftari la vifaa na funguo za maabara nitamkabidhi Mwalimu wa Taaluma. Mwalimu mpya akipatikana mapema, nitafurahi kuingia naye darasani wiki ya mwisho ili watoto wamzoee. Hata nikiwa Tanga, akikwama anipigie.

Naomba ofisi ya mhasibu inisaidie kukamilisha malipo ya mshahara hadi siku yangu ya mwisho na ya siku za likizo ambazo sikuzichukua, na kunipatia taarifa ya michango yangu ya NSSF pamoja na cheti cha utumishi.

Kidato cha Tatu B, ambao mimi ni mwalimu wao wa darasa, naomba uniruhusu niwaambie mwenyewe, baada ya wewe kuridhia.

Nawatakia heri wewe, walimu na wanafunzi wote.

Wako mtiifu,

(sahihi)
Zuhura Hamisi
Mwalimu wa Kemia na Baiolojia

Nakala: Mwalimu wa Taaluma