Maswali ya thiori kabla ya testi: vibao, nani apite kwanza, na nafasi ya kuacha

Sasa darasa la Jumamosi. Haya maswali nimeyatoa kwa kile kitabu cha dereva mlichopewa siku ya kwanza, jibu liko chini ya kila swali lakini lifunike kwanza kwa mkono. Usikariri A ama B, juu pale mbele ya ubao wa mji mdogo mtahini anakuuliza kwa nini, na ukikwama hapo umeisha.

VIBAO

1. Kibao cha duara, ukingo mwekundu, ndani 50. Kinasema nini?
A. Enda angalau 50
B. Usipite kilomita 50 kwa saa
C. Zimebaki kilomita 50 ufike
Jibu: B. Duara nyekundu ni katazo. Na hata kibao kikikosekana, ukiwa ndani ya mji mwisho ni 50.

2. Pembetatu imesimama, ncha juu, ukingo mwekundu. Na ikigeuzwa ncha ikaangalia chini?
Jibu: Ya ncha juu ni onyo, kuna kitu mbele, matuta, kona, watoto wa shule, kwa hivyo punguza mwendo. Ya ncha chini inakwambia uwape nafasi walio kwenye barabara unayoingia. Hapa wengi huchanganya.

3. Chekundu cha pembe nane, na barabara iko tupu kabisa. Unapita polepole?
Jibu: Hapana. Tairi zisimame kabisa, uangalie, ndio uende. Kupunguza mwendo si kusimama.

4. Duara ya buluu yenye mshale mweupe?
Jibu: Amri. Fuata mshale.

5. Taa ni kijani lakini afisa wa trafiki amekunyooshea mkono usimame. Unafuata nani?
Jibu: Afisa. Hapa Nairobi hii utaiona kila jioni mjini, taa inabadilika na hakuna anayeiangalia.

NANI APITE KWANZA

6. Unakaribia raundabaoti ya Globu. Nani ana haki?
Jibu: Walio ndani tayari, wanaokujia kutoka kulia. Ngoja pengo, usijipenyeze ati juu wa nyuma anapiga honi.

7. Kwenye raundabaoti unataka kukunja kulia. Leni gani, indiketa gani?
Jibu: Ingia na leni ya kulia ukiwa na indiketa ya kulia, zunguka, ukishapita ile njia ya kutokea iliyo kabla ya yako weka ya kushoto, cheki kioo na bega, alafu toka. Ile indiketa ya kushoto ndio watu husahau, na anayengoja kuingia hajui unatoka ama unaendelea kuzunguka.

8. Unakunja kulia kwenye makutano, gari ingine inakuja mbele yako moja kwa moja. Nani kwanza?
Jibu: Yeye.

9. Barabara ya leni mbili kuelekea upande mmoja. Matatu imesimama kwenye zebra, leni ya kushoto. Wewe uko leni ya kulia na huoni mtu yeyote. Unafanya nini?
Jibu: Simama. Hilo swali nalipenda kuliko yote. Matatu ni refu, mama ameshika mtoto mkono anatokea mbele ya bampa yake na hakuona gari yako, na wewe hukumwona. Gari ikisimama kwenye zebra, huipiti. Amini kwamba kuna mtu hata kama humwoni.

10. Ambulensi inapiga king'ora nyuma yako.
Jibu: Sogea kushoto ukiwa salama, ipishe. Usiifuate nyuma ati upate njia.

NAFASI YA KUACHA

Hapa kaeni sana, juu ndio mahali mnajibu haraka bila kufikiria.

11. Unapimaje nafasi bila kuhesabu mita?
Jibu: Sekunde mbili. Chagua mlingoti, gari ya mbele ikiupita anza kuhesabu polepole, "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiufikia kabla umalize, uko karibu sana. Ukiwa 80 kwa saa gari inakula kama mita 22 kila sekunde, kwa hivyo sekunde mbili ni kama mita 44.

12. Mvua imenyesha Barabara ya Mombasa. Sekunde ngapi?
Jibu: Angalau nne.

13. Ukitoka 40 hadi 80, umbali wa breki peke yake unaongezeka mara ngapi?
A. Mbili
B. Nne
Jibu: B. Mwendo ukiwa mara mbili, breki inahitaji mara nne, na hapo bado hujahesabu ule muda wa mguu kutoka kwa mafuta hadi breki, ambao gari inaendelea kukimbia tu.

14. Umeacha nafasi vizuri Barabara ya Thika, probox ikajichomeka hapo katikati. Sasa?
Jibu: Toa mguu kwa mafuta, jenga nafasi upya. Hata wakijichomeka watatu, jenga tena.

15. Lori limekukaribia sana nyuma. Unakanyaga mafuta umkimbie?
Jibu: Hapana. Ongeza nafasi mbele yako, ndio usilazimike kufunga breki ghafla, kisha mpishe apite.