Ujumbe kwa Maalim: mikorosho ya rehani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Maalim wangu. Shikamoo.

Ni mimi Mama Zuhura wa Magomeni, mjane wa marehemu uliyemsalia mwezi wa saba, siku ile mvua ya kushtukiza ilipotukuta makaburini. Namba hii ni ya kijana wangu mkubwa, yangu haina WhatsApp. Ameniandikia salamu tu, haya mengine nayaandika mwenyewe na nitayafuta kwenye simu yake nikishakutumia.

Ningekuja mwenyewe baada ya alasiri, kama wanavyokuja wengine, lakini unajua nimo ndani ya eda na nimebakiza zaidi ya miezi miwili. Ndiyo maana naandika. Nilitaka uwe ujumbe mfupi. Mara ya kwanza ulijaa kurasa nne za daftari, nikaona nakumwagia mambo ya nyumba ya watu. Nimepunguza, na bado ni mrefu, unisamehe.

Jambo lenyewe ni hili. Marehemu aliacha mikorosho ya rehani.

Si yake ile aliyoipanda, hiyo haina maneno. Nasema ya mtu mwingine, huko juu Umakondeni, aliyoichukua mwanzoni mwa 2019. Utaukumbuka msimu ule wa 2018, korosho zilinunuliwa na serikali kwa 3,300 kilo, watu wakafurahi, kisha malipo yakachelewa, wengine wakakaa mpaka wakauza mabati. Mtu mmoja akamwendea marehemu, ana shida ya haraka. Marehemu akampa fedha, naye akamwachia mikorosho. Masharti ni yale yale tunayoyajua sote huku: mwenye fedha anaokota mpaka siku mwenye mikorosho atakaporudisha zile fedha zote kama alivyozipokea.

Hajazirudisha. Tumeokota misimu sita. Huu unaokuja ni wa saba.

Jina lake silitaji, na idadi ya mikorosho siitaji pia, maana kule kijijini ukishataja idadi umeshataja shamba, na ukitaja shamba umemtaja mtu. Kiasi cha fedha nacho nakiacha. Itoshe kusema kwamba baada ya arobaini nilifungua daftari la marehemu, lile kubwa lenye jalada gumu alilokuwa akiliweka juu ya kabati, nikakaa nalo usiku mzima. Aliandika kila kitu, Maalim. Kilo za kila mnada, makato ya chama, gharama za salfa, vibarua wa kupalilia. Mbele kabisa kuna ukurasa wa yale makubaliano na dole gumba la yule bwana, wino wa zambarau umesambaa kidogo pembeni kama mtu aliyetikisika mkono. Nikajumlisha. Ukitoa gharama zote, kufikia msimu wa tatu fedha zetu zilikuwa zimesharudi. Mitatu iliyofuata tulikula tu.

Nasema tulikula, si alikula. Ada ya shule ya Zuhura imetoka humo, bati la jiko limetoka humo. Nilikuwa najua kuna mikorosho ya rehani, sikuwahi kuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba marehemu alikuwa akiwasema watu wa kangomba hadharani, hata pale barazani kwako uliwahi kumsikia. Kumpimia mkulima mwenye njaa korosho zake kwa bakuli kabla hata hazijadondoka, alikuwa akisema huo ni wizi wenye kanzu. Na rehani hakuiona kuwa iko jirani na hayo. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani kwetu jambo hili limezoeleka mno, baba yake alifanya, na wajomba zake walifanya, wala hapajatokea mtu wa kumwambia kaa tulitazame.

Yule bwana alikuja msibani. Alikaa siku zote tatu, akachimba kaburi na wenzake, hakutamka neno. Wiki iliyopita ndipo alipotuma mtu, kwa adabu sana, kuuliza kama msimu huu anaweza kuokota mwenyewe. Hakudai. Aliuliza.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika, nami sitaki kukueleza nani kasema nini. Upande mmoja unasema deni halijalipwa, alete fedha achukue mikorosho, na rehani imo ndani ya Kurani, Suratul Baqara, aya ya 283, kwa hiyo hakuna wa kuiita haramu. Upande mwingine unasema mikorosho arudishiwe leo. Na wapo wa upande wa ukoo wanaosema hili si la mjane wala watoto, ni la wajomba kama ilivyo mila yetu. Kila mtu ana sauti kubwa. Mimi nimekaa chumbani na shuka langu nawasikiliza kupitia ukuta.

Nakuomba uniangazie haya, Maalim, kwa mpangilio wowote utakaouona wewe.

La haraka ni msimu. Mabibo yameshaanza kuiva na korosho zinadondoka, na minada ikifunguliwa mwezi wa kumi hakuna atakayenisubiri. Je, zile za kwenye rehani ziokotwe na nani kwa sasa? Au ziokotwe zikae ghalani pembeni hadi utakapotuelekeza? Nikiziacha chini zitaoza au zitaokotwa na wapita njia, na hapo atakuwa amepoteza yeye na sisi. Halafu gunia likipelekwa chamani litaandikwa jina la nani? La marehemu haliwezekani tena, akaunti yake yenyewe inasubiri mambo ya mirathi mahakamani. Hilo la jina najua ni la karani wa chama, si lako, nimelitaja ili uone kwa nini nina haraka.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Hiyo aya wanayoisoma, mimi madrasa niliishia juzuu chache na sijui tafsiri ya kina, lakini nikiisikiliza naona inazungumzia rehani kushikwa iwe amana ya deni. Sisikii mahali inaposema mwenye kushika ale matunda yake. Je, tulichokula baada ya fedha zetu kurudi ni haki yetu, au ni deni juu ya marehemu? Au hata kile cha mwanzo nacho kina maneno? Najua mirathi hugawiwa baada ya wasia na deni, hilo la Suratun Nisaa ulitusomesha mwenyewe Ramadhani. Kama hili ni deni lake, basi linatangulia kabla hatujagawana hata sufuria, na mimi sitaki kupokea thumuni yangu juu ya kitu kinachomfunga mwenzangu huko aliko.

Nieleweke hapo: sikuandikii ili uniambie kuwa nina haki nikawashinde wengine. Ukisema mikorosho ni yetu mpaka alipe, nitanyamaza. Ukisema tumrudishie na juu yake tumlipe, nina kitu kidogo cha kuanzia, na vya dhahabu vipo. Ninachoogopa ni kufanya jambo kwa hasira za watu, halafu baadaye tujue hukumu ilikuwa nyingine.

Kuna na jambo jingine ndani ya hili, linamhusu mtu aliye hai na heshima yake. Hilo sitaliandika, hata ukiniuliza. Nikiona halina budi nitakwambia uso kwa uso, na likiwezekana kuisha bila kutajwa ndiyo afadhali.

Sasa nakuomba mambo ya namna ya kunijibu. Usinitumie ujumbe wa sauti tafadhali. Kijana husikiliza kwa spika na nyumba yangu ina masikio hadi kwenye banda la kuku. Na usinijibu hukumu kamili humu, nitakuwa nimeielewa nusu na nusu nitaibuni. Andika tu siku na saa, inatosha.

Kama utaweza kufika nyumbani, Alhamisi au Jumamosi baada ya alasiri ni kuzuri, wageni wa tanzia wamepungua. Mama mkwe atakuwepo na kijana mkubwa atakuwepo, tutakaa ukumbini mlango wazi. Ukija na mama, mke wako, nitafurahi zaidi, yeye alinishika mkono siku ile na sijamshukuru. Daftari nitakuwa nalo, utaona hesabu mwenyewe. Ukiona jambo hili limekuzidi au lahitaji kadhi, niambie hivyo hivyo, sitavunjika moyo, nielekeze tu kwa nani na nianze vipi nikiwa bado ndani.

Shemeji mkubwa hajui kuwa nimekuandikia. Simfichi milele, nikishapata siku kutoka kwako nitamwambia mimi mwenyewe awepo akitaka, maana ni haki yake kusikia kutoka kinywani mwako na si kutoka kwangu. Ila nakuomba usimtangulie kumgusia mkikutana msikitini. Na nakuomba kwa heshima zote, hata bila jina, usilitumie kuwa mfano kwenye darsa la magharibi kabla halijaisha. Mji wetu mdogo. Ukisema tu kuna mjane ana mikorosho ya rehani, kabla ya isha watu wa Chuno na Mikindani watakuwa wameshajua nimevaa kanga gani.

Yule bwana mwenye mikorosho nimemtumia neno moja tu kupitia aliyemtuma: kwamba nimesikia, na jibu litakuja kabla ya minada. Sijamwahidi zaidi ya hapo. Nadhani sikukosea, ukiona nimekosea nisahihishe.

Nakuombea afya, nasikia kifua kilikusumbua. Mwombee marehemu.

Mama Zuhura

Nimesahau: miwani yako uliyoiacha siku ya khitma ipo, nimeifunga kwenye leso ndani ya kabati. Watu wakikuuliza umefuata nini kwangu, umefuata miwani.