Mtoto Aliyemo Tumboni: Mama Amjibu Amina wa Miaka 5

Amina mamangu, njoo ukae hapa mkekani. Jana ulimuuliza nyanyako kama nilimmeza mtoto, naye akakwambia uje uniulize mimi. Umefanya vyema kuuliza. Nitakwambia kweli tupu.

La, sikummeza. Mahamri na mbaazi ulizokula asubuhi zimeingia kwenye tumbo la chakula, na mimi pia ninalo tumbo hilo. Lakini sisi wanawake tuna mahali pengine, chini ya kitovu, panaitwa mfuko wa uzazi. Hata wewe unao, ila bado ni mdogo. Mtoto anakaa humo, kwa hivyo chakula hakimwangukii kichwani na pilipili haimchomi. Mfuko huo hutanuka kama puto jinsi mtoto anavyokua, ndiyo maana deraa zangu zinanibana.

Aliingiaje? Hakuingia akiwa mtoto. Ndani ya mwili wa mama mna mayai madogo sana. Si ya kuku, hayana ganda, na yai moja ni dogo kuliko nukta ya kalamu. Mwilini mwa baba mna mbegu, ndogo zaidi hata jicho haliwezi kuziona. Baba na mama wakiwa peke yao chumbani, wamekumbatiana, mbegu hutoka katika mwili wa baba zikaingia mwilini mwa mama kwa njia ya uzazi, iliyo katikati ya miguu. Hilo ni jambo la watu wazima, watoto hawalifanyi, na mtu yeyote asikuguse huko. Akikugusa, niambie mara moja, hata akikukataza kusema. Basi mbegu moja ikikutana na yai, vinaungana vinakuwa kitu kimoja. Hapo ndipo nduguyo alipoanza. Hata wewe ulianza hivyo hivyo.

Kile kitu kimoja kikagawanyika kikawa viwili, viwili vikawa vinne, vinne vikawa vinane, vikaendelea kuongezeka mpaka vikafanya mwili mzima. Moyo ulianza kupiga mapema sana, hata tumbo langu halijaonekana. Ule mlio tuliousikia kliniki, nesi aliponiwekea kifaa tumboni, ni moyo wake. Unapiga mbio kuliko wangu na kuliko wako, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mikono ilianza ikiwa vijipande vidogo tu, kisha vidole vikatokea.

Sasa ana miezi 7 na uzito wa karibu kilo moja. Anafumba na kufumbua macho. Anasikia pia. Ukiimba karibu na tumbo sauti yako inamfikia, na mara nyingine utaona pale panafura: ni teke.

Uliniuliza anakula nini huko. Hatumii mdomo kula. Kuna kamba laini inayotoka kitovuni mwake mpaka kwenye kondo, na kondo limeshikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Nikila samaki, tumbo langu linamsaga, uzuri wake unaingia katika damu yangu, unafika kwenye kondo, na kutoka hapo unapita kwenye kamba mpaka kwake. Hewa anayoihitaji inapita njia hiyo hiyo, kwa sababu yuko ndani ya maji na hapumui kwa pua kama sisi. Hazami. Maji yale yanamkinga, hata matatu ikiruka tuta nikiwa ndani hapati kishindo kikubwa. Anayameza kidogo, anakojoa humo humo, na hadhuriki. Nasi tunajitahidi nile vizuri, nisibebe vitu vizito, na watu wasivute sigara karibu yangu.

Miezi 9 ikitimia, mfuko wa uzazi utaanza kukaza na kulegea. Nitaumwa, na huenda ukanisikia nikigumia. Uchungu huo ndio unaomsukuma mtoto atoke kwa ile njia ya uzazi, ambayo hutanuka. Wakati mwingine daktari hufanya operesheni, anapasua tumbo akamtoa mtoto, kisha anashona. Wewe ulitoka kwa operesheni. Hii alama uliyoiona ndiyo pale.

Nikienda hospitali, nyanya atavuka feri kutoka Likoni aje alale nawe. Baba atakuja kukuchukua uje umwone mtoto. Usitarajie kucheza naye siku hiyo. Atakuwa na uso mwekundu uliokunjamana, atalia, atanyonya, atalala. Ile kamba itakuwa imekatwa, na kukatwa hakumuumi. Kitabaki kipande kidogo kikavu kitovuni. Usikiguse wala usikivute, kitaanguka chenyewe baada ya wiki moja au mbili. Ukitaka kumbeba, kaa kwanza kwenye kochi, nami nitakuwekea mto chini ya mkono.