Zoezi la Kukamilisha Aya: Kiambishi -ki- cha Vitendo vya Wakati Mmoja

Zoezi hili limeandaliwa kwa wanafunzi wa Kiswahili hapa Bukavu, kwa sababu katika insha zenu za mwisho wengi mmeandika «alitembea anaimba» mahali ambapo Kiswahili sanifu kinataka «alitembea akiimba». Someni aya yote mara moja bila kuandika. Kisha inakilini upya, mkibadilisha kila kitenzi kilichomo katika mabano kiwe na kiambishi cha nafsi au cha ngeli pamoja na -ki-. Jihadharini: vitenzi viwili havihitaji -ki- hata kidogo, na kimoja kinaichukua kwa maana nyingine.

Aya

Alfajiri ya Jumamosi wavuvi walirudi kutoka Ziwa Kivu (1. kuimba), kwa kuwa wimbo huwasaidia kupiga makasia kwa pamoja. Taa walizowavutia samaki usiku kucha zilikuwa bado (2. kuwaka), na mawimbi yalipiga mbao za mitumbwi (3. kutoa) mlio mdogo. Mama alisimama ufukweni (4. kungoja), kitoto (5. kulia) mgongoni mwake ndani ya kitenge, nami nilikaa kando yao (6. kula) ndizi ya kuchoma. Mtumbwi wa kwanza ulipofika, mvuvi mmoja alishuka, (7. kumsalimia) mama, (8. kumpimia) sambaza hadi beseni likajaa. Tulipanda mlima kuelekea soko la Kadutu bila kupumzika. Malori yalitupita (9. kupiga) honi, vumbi (10. kutimka) nyuma yake, lakini katikati ya kelele hizo nilimsikia mama (11. kuimba) wimbo ule ule wa wavuvi. Nilimwuliza: «Mama, mvua (12. kunyesha) kesho, tutarudi ziwani?»

Majibu na maelezo

Majibu ni haya: 1. wakiimba, 2. zikiwaka, 3. yakitoa, 4. akingoja, 5. kikilia, 6. nikila, 7. akamsalimia, 8. akampimia, 9. yakipiga, 10. likitimka, 11. akiimba, 12. ikinyesha.

Jibu la kwanza ndilo kiini cha somo. Kitenzi «walirudi» kinatuambia wakati, yaani uliopita. «Wakiimba» hakina wakati wake chenyewe, bali kinaegemea kitenzi kikuu na kuonyesha kwamba kurudi na kuimba vilikwenda sambamba. Ndiyo maana tunaweza kusema pia «watarudi wakiimba» na «hurudi wakiimba», umbo la -ki- lisibadilike. Mwenye kutaka kusisitiza anaweza kuongeza neno «huku»: walirudi huku wakiimba. Katika la pili, -ki- inafuata «zilikuwa» na kuunda kitenzi ambatano kinachoonyesha tendo lililokuwa likiendelea.

La tano ndilo litakalowasumbua wengi, nami naliona kuwa zuri kuliko yote. Katika «kikilia» kuna ki- mbili zinazofanana kwa sura tu: ya kwanza ni kiambishi cha ngeli ya «kitoto», ya pili ndiyo -ki- tunayojifunza. Anayeandika «kilia» ameacha moja, na msomaji hawezi kukisia ni ipi. Tena, mlioandika «akilia» hamkumpotosha mtu kwa maana, lakini hapa neno limetumika kwa udogo, kwa hiyo upatanisho wa ki- unafaa zaidi.

Katika la sita, andikeni «nikila», si «nikikula». Kitenzi cha silabi moja huhitaji ku- baada ya -na-, -li- na -ta-, kwa kuwa viambishi hivyo havibebi mkazo. -Ki- yaweza kuubeba, kwa hiyo ku- inaondoka: nikila, akija, wakinywa.

La saba na la nane yanataka -ka-. Mvuvi hakushuka, kusalimia na kupima kwa dakika moja. Alifanya hili, kisha lile. Mtu akiandika «alishuka akimsalimia», sentensi yake ni sahihi, lakini anatuonyesha mtu anayetoa salamu huku mguu mmoja ungali ndani ya mtumbwi, na hilo silo linalosimuliwa.

Katika la kumi na moja, kiambishi cha nafsi kinaamua nani mwimbaji: «nilimsikia mama akiimba» ni sauti ya mama, ilhali «nilimsikia mama nikiimba» ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa naimba. Katika la kumi, mtendaji ni vumbi, si malori, ndiyo maana li- imechukua nafasi ya ya-.

«Bila kupumzika» haikuwekwa kwa bahati. Ukanushi wa -ki- ya sharti ni -sipo-, kama katika «mvua isiponyesha», lakini kwa vitendo vya wakati mmoja tunatumia «bila» pamoja na kitenzi-jina.

La kumi na mbili ni sharti: «ikinyesha» maana yake ni «kama itanyesha». Umbo halitofautiani na yale mengine. Kinachotuelekeza ni «kesho» na kitenzi «tutarudi».

Kwa Jumatatu, kila mmoja aandike aya ya sentensi nane kuhusu njia anayopita kuja shuleni, akitumia -ki- mara tano na -ka- mara mbili.