Maneno ya gereji: daftari la mwanafunzi wa ufundi

Mdogo wangu, nimekupangia maneno haya kwanza kwa sehemu ya gari, kisha kwa ubovu. Ukisikia fundi mwingine anaita kitu kwa jina tofauti, liandike pembeni, yote mawili yatakufaa.

SEHEMU

Injini. Mwili wake ni bloku, na juu ya bloku hukaa silinda hedi. Katikati ya hizo mbili kuna gasketi ya hedi, inayozuia maji, oili na mgandamizo visivuke mipaka. Ndani ya silinda hupanda na kushuka pistoni, imevaa ringi, na konrodi huiunganisha na kranki shafti. Juu ziko vavu.

Mkanda wa taimingi. Usiuchanganye na feni belti. Feni belti iko nje, unaiona ukifungua boneti. Wa taimingi umefichwa chini ya kava, na ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga vavu na kuzipinda. Magari mengine yana cheni mahali pake.

Mafuta na oili. Mafuta ni petroli au dizeli. Oili ni ya kulainisha. Mteja akisema "niongezee mafuta", muulize mafuta gani kabla hujagusa kifuniko.

Plagi hutoa cheche kwenye injini ya petroli. Nozeli hunyunyiza mafuta. Dizeli haina plagi za cheche. Ina plagi za joto za kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi.

Upozaji: rejeta, feni, pampu ya maji, thamostati, mipira ya rejeta.

Umeme: betri, stata, alteneta, fyuzi, rilei, waya wa athi.

Mwendo: klachi, gia boksi, propela, difu.

Breki: masta silinda, pedi na diski, nyuma mara nyingi breki shuu na dramu.

Chini ya gari: shokapu (wengine husema shokomzoba), springi, bushi, boljointi, tairodi, beringi za magurudumu.

UBOVU

Haliwaki. Neno hili peke yake halitoshi, usiliandike hivyo kwenye kadi ya kazi. Kuna aina tatu, na kila moja ina njia yake:

*Kimya kabisa*, hata taa za dashibodi haziwaki: anza na betri na vichwa vyake. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota kwenye tamino, fungua, sugua, kaza, jaribu tena.

*Linatoa "ka-ka-ka"*: mara nyingi betri imelala au tamino zimelegea. Likitoa "ka" moja tu huku taa zinang'aa vizuri, shuku stata. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, injini ikinguruma, alteneta ikiwa nzima, utasoma karibu 14.

*Linazungusha lakini halishiki*: stata ni nzima, iache. Tafuta cheche na mafuta.

Linachemsha. Mshale wa joto umepanda. Zima, subiri injini ipoe, ndipo ufungue kifuniko cha rejeta. Ukikifungua kikiwa cha moto, maji yatakurukia usoni, na hilo si jambo la kujaribu hata mara moja.

Imekata gasketi. Vuta dipstiki au fungua kifuniko cha oili. Ukikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena hiyo injini.

Moshi. Mweupe mzito usioisha: maji yanaungua. Wa bluu: injini inakula oili, yaani ringi au sili za vavu zimechoka. Mweusi: mafuta yamezidi hewa, angalia filta ya hewa kwanza, ndiyo rahisi.

Misi. Injini inatetemeka, silinda moja haifanyi kazi.

Breki. Hapa andika kila neno kwa uangalifu, maana watu watapanda gari hilo.
"Laini kama sponji": upepo umeingia, zinatolewa upepo.
"Pedali inazama polepole": masta silinda inapitisha, au kuna mvujo.
"Zinavuta upande": upande mmoja haushiki, au mwingine umeganda.
"Chuma kwa chuma": pedi zimekwisha, na diski inachimbwa.

Klachi inateleza. Injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Klachi inakokota ni kinyume chake: umekanyaga hadi mwisho, bado gia zinasaga.

Stelingi ina plei. Unaizungusha kidogo na magurudumu hayajibu. Inua gari, liwekee stendi, usitegemee jeki peke yake, kisha shika gurudumu kushoto na kulia na ulitikise. Likicheza, tazama tairodi. Ukilishika juu na chini likacheza, tazama beringi au boljointi.

Kunoki. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta. Zima hapo hapo, pima oili, niite.